Kamasi Mkononi: Lini Unawe kwa Sabuni, Lini Sanitaiza Inatosha

Kila kusi ikivuma na watoto wakaanza kupiga chafya, maswali ni yale yale. Sanitaiza inaua virusi vya mafua au ni harufu tu? Nikishapaka, bado ninawe? Maji ya kisima hayatoi povu, yanafaa? Na mwenye udhu je, spiriti mkononi haimharibii? Mwongozo huu unayajibu kwa kushika jambo moja ambalo wengi hulipita: hali ya mkono wenyewe wakati unapotaka kuusafisha. Mkono mkavu uliotoka kushika chuma cha feri ya Likoni hausafishwi sawa na mkono uliotoka kumpangusa mtoto pua.

Kanuni tutakayoifuata ni hii. Mkono ukiwa na kamasi mbichi, mate, mafuta au uchafu unaoonekana, sabuni na maji. Mkono ukiwa mkavu na msafi wa macho, sanitaiza yenye alkoholi inatosha kwa homa ya mafua, na kwa mafua ya kawaida inasaidia kiasi.

Nadharia yake ni fupi. Virusi vya homa ya mafua, ile inayokulaza kitandani na kuuma viungo, vimevikwa utando wa mafuta. Alkoholi huuvunja utando huo, na sabuni pia huuvunja. Lakini mafua ya kawaida, ya pua kuchuruzika na koo kuwasha, mara nyingi huletwa na rinovirusi, na rinovirusi haina utando wa mafuta. Alkoholi haipati pa kuishika vizuri. Sabuni nayo haihitaji kuiua: inaibandua kwenye ngozi, maji yanaichukua, basi. Ndiyo maana panapokuwa na nafasi ya kuchagua na maji yapo, sabuni hutangulia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Sabuni yoyote inayotoa povu. Ya kipande, ya mche uliokatwa, ya maji, zote sawa. Ile iliyoandikwa kuwa inaua bakteria haikupi ziada kwa mafua, kwa sababu mafua si bakteria, usiilipie zaidi.

Maji yanayotiririka. Si lazima yatoke mferejini. Jagi linalomiminwa na mtu mwingine linatosha, na mtungi uliotobolewa unatosha vile vile.

Taulo au kitambaa cha kila mtu peke yake.

Sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, na bora zaidi ikiwa 70 hadi 80. Soma kibandiko: pawe pameandikwa etanoli, alkoholi ya ethili au isopropanoli, pamoja na asilimia. Chupa isiyotaja asilimia iache dukani. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi wa `SM#` ukifuatiwa na nambari yenyewe, kwenda 20023.

Karatasi za shashi au vitambaa vya pamba vya kupangusia pua, na mahali pa kuvitupa au kuvifulia.

Bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, la duka la dawa. Utalitumia mara moja tu, kupima sanitaiza yako.

Maji kwanza, kwa sababu Mombasa maji ndiyo shida

Anayepata maji ya mfereji kila siku aruke sehemu hii. Wengi wetu tunanawa kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, au kwa mtungi wa lita 20 wa mkokoteni, na maji haya mawili yana tabia tofauti.

Maji ya kisima cha kisiwani na maeneo mengi ya ufukoni huwa na kalisi na magnesi nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo hugeuka utando mweupe unaonata kama maziwa yaliyoganda, badala ya povu. Utauona pembezoni mwa beseni na utausikia kwenye ngozi: mkono haukwaruzi wala hautelezi, unanata. Sabuni iliyogeuka utando haibandui chochote, kwa hiyo mtu amenawa kwa macho tu. Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza, endelea kusugua kipande cha sabuni mpaka povu halisi lije. Utamaliza sabuni zaidi lakini kazi itafanyika. Ya pili ni rahisi zaidi: tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au sabuni ya unga, kwa sababu hizi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu. Gramu 30 hivi za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukaitikisa, inakupa sabuni ya mikono ya nyumba nzima. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko ili itoke kwa kubinywa. Waonye watoto kwamba si soda, na uibandike karatasi.

Maji ya kisima yanafaa kunawia hata kama hayafai kunywa. Hifadhi maji matamu ya mkokoteni kwa chai.

Kama huna mfereji, tengeneza mtungi wa kunawia. Chukua dumu la plastiki gumu la lita 5 lenye kifuniko kinachokaza. Pasha msumari wa inchi 3 kwenye moto, ukiushika kwa koleo, na utoboe tundu moja vidole viwili juu ya kitako. Jaza maji, kaza kifuniko, weka dumu juu ya kigoda au uling'inize mlangoni mwa choo. Ukilegeza kifuniko hewa inaingia na maji yanatiririka, ukikaza, yanakoma. Kipande cha sabuni kitie kwenye wavu wa vitunguu na ukifunge kwenye mkono wa dumu, kisije kikalala majini kikayeyuka. Kifuniko nacho huguswa na mkono mchafu, kwa hiyo kipitishie povu kila unaponawa kabla ya kukikaza.

Kunawa kwa sabuni, hatua kwa hatua

1. Vua pete, na upandishe mikono ya kanzu au buibui. Chini ya pete povu halifiki.

2. Lowanisha mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, kisha funga maji. Maji yakiendelea kutiririka yataondoa sabuni kabla haijafanya kazi, na utamaliza mtungi.

3. Paka sabuni mpaka povu lifunike viganja na mgongo wa mikono. Povu likiwa jepesi kama mate, ongeza.

4. Sugua kwa sekunde 20 angalau. Hesabu kwa maneno marefu, "ishirini na moja, ishirini na mbili", mpaka arubaini. Kila neno ni kama sekunde moja. Kiganja kwa kiganja, kisha mgongo wa kila mkono, kisha kati ya vidole.

5. Sasa fanya sehemu mbili ambazo karibu kila mtu huzisahau. Dole gumba: likamate kwa mkono wa pili na ulizungushe, kila upande. Ncha za vidole na kucha: zikwaruze kwenye kiganja chenye povu. Ncha ndizo zinazoingia puani na kufikicha macho, na dole gumba ndilo lililoshika kitambaa cha kamasi. Mtu anayesugua viganja tu kwa dakika nzima ameacha virusi palepale vilipo.

6. Suuza kwa maji yanayomiminika, vidole vikielekea chini, mpaka utelezi uishe. Nusu lita inatosha ukifunga maji wakati wa kusugua.

7. Kausha kwa taulo yako mwenyewe, au upunge mikono hewani mpaka ikauke. Mkono wenye majimaji hubeba na kupokea virusi kwa urahisi kuliko mkavu, kwa hiyo usitoke ukashika kitasa huku unadondoka.

Kuhusu kunawa kabla ya chakula, desturi yetu ya mwenyeji kuwamiminia wageni maji kwa birika juu ya beseni ni nzuri, mradi sabuni ipite pamoja na birika. Bakuli moja linalozungushwa, kila mtu akachovya vidole, ni njia ya kugawana kamasi kabla ya pilau.

Udhu nao unahitaji neno lake. Mtu hutia maji puani na kupenga kwa mkono wa kushoto, na anayeumwa mafua hutoa kamasi nyingi hapo. Maji ya udhu yanayopita upesi mkononi huondoa sehemu ya virusi, lakini hayatoshi kwa mkono uliopenga. Mwenye mafua anawe kwa sabuni kabla ya kuanza udhu, na akiwa amepenga kwa wingi apitishe sabuni mkono huo tena kabla hajatoka kupeana mikono msikitini.

Kupaka sanitaiza, hatua kwa hatua

1. Tazama mikono. Kuna kamasi, unga wa mahamri, mafuta ya viazi karai, magamba ya samaki? Rudi kwenye sabuni. Alkoholi haipenyi mafuta wala kamasi nene.

2. Hakikisha mikono ni mikavu. Maji yaliyobaki mkononi huizimua alkoholi: sanitaiza ya asilimia 65 juu ya mkono uliolowa inaweza kushuka chini ya 60.

3. Tia mililita 3 hivi kwenye kiganja. Hapa ndipo bomba la sindano linapofanya kazi. Vuta mililita 3, zimimine mkononi, utazame ukubwa wa kile kidimbwi. Kisha binya chupa yako mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka upate kidimbwi kama kile. Chupa nyingi huhitaji mibinyo miwili au mitatu. Tone moja la ukubwa wa punje ya mbaazi ni la kunusa tu.

4. Paka kote ulikopaka sabuni, gumba na ncha zikiwemo, na usugue mpaka mikono ikauke yenyewe. Lazima ibaki na majimaji kwa sekunde 20 hadi 30. Ikikauka baada ya sekunde 10, ulitia kidogo. Ongeza, sugua tena.

5. Usipangushe na usiisuuze. Anayepaka kisha akajifuta kwa leso amefuta dawa kabla haijamaliza.

6. Kabla ya kuwasha kibiriti au kukaribia jiko, mikono iwe mikavu kabisa. Mvuke wa alkoholi hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, na mwali wake wa samawati hauonekani vizuri mchana.

Kwa wanaouliza kuhusu dini: Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha Makka cha Januari 2002, liliruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kuulia vijidudu na kusafishia majeraha. Mwenye shaka zaidi amwulize sheikh wake, na aliyeamua kuiepuka asione amepungukiwa: sabuni haimwachi nyuma kwa lolote.

Kwa nini kamasi mbichi ndiyo mpaka

Mwaka 2009, watafiti wa Melbourne waliwapaka wahudumu wa afya virusi vya homa ya mafua mikononi, wakaviacha vikauke, kisha wakawasafisha kwa njia mbalimbali. Sabuni na maji pamoja na sanitaiza zote ziliviondoa karibu vyote, sabuni ikiwa mbele kidogo tu. Ukisoma hapo tu utasema hakuna tofauti.

Mwaka 2019, watafiti wa Kyoto walifanya jambo lililo karibu zaidi na maisha ya nyumbani. Walichanganya virusi vya homa ya mafua na makohozi ya wagonjwa, wakayaweka vidoleni. Yalipokauka, etanoli ilivimaliza kwa takriban sekunde 30. Yalipokuwa mabichi, virusi vilikuwa bado hai baada ya dakika 2, na ilichukua takriban dakika 4 kuvimaliza. Kamasi mbichi ni kama uji mzito: alkoholi inapenya polepole na inazimuliwa njiani. Maji ya kutiririka, hata bila sabuni, yaliviondoa kwa sekunde 30. Sharti moja la kuelewa jaribio hilo: dawa iliwekwa juu bila kusuguliwa kwa nguvu, na kusugua huenda kukasaidia. Lakini nani anasugua sanitaiza dakika 4?

Kamasi mkononi, maji hakuna

Uko kwenye matatu, umepiga chafya kiganjani, na maji yako nyumbani Mtwapa. Usimimine sanitaiza juu ya kamasi. Fanya hivi:

1. Pangusa kamasi kwa shashi mpaka mkono usiteleze. Kupangusa huku ndiko kunakoondoa sehemu kubwa. Shashi iingie kwenye mfuko wa plastiki na ufungwe, si mfukoni mwa suruali.

2. Tia mililita 3 za sanitaiza, sugua mpaka ikauke.

3. Rudia mara ya pili, ukianzia ncha za vidole.

4. Ukifika penye maji, nawa kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Hatua tatu za juu ni daraja la kukuvusha mpaka hapo.

Na ukijua una mafua, piga chafya kwenye kiwiko au kwenye shashi, mkono ubaki mkavu. Hapo sanitaiza itakuwa na kazi inayoiweza.

Mfano: nyumba moja ya Kisauni

Vyumba viwili, watu wanne. Mtoto wa miaka mitatu ameamka na kamasi. Mama yuko nyumbani, nyanya anapika, baba ni dereva wa tuktuk. Maji ni ya kisima cha jirani, ndoo mbili kwa siku.

Tuhesabu. Mama anampangusa mtoto pua mara 12 kwa siku, na ananawa mara nyingine 4 kwa ajili ya chakula na choo. Mtoto ananawishwa mara 6. Nyanya anayepika, mara 5. Baba akiwa nyumbani, mara 3. Jumla ni mara 30, na kwa nusu lita kila mara, ni lita 15. Mtungi mmoja wa lita 20 unawatosha na kubakisha. Wakiacha maji yatiririke wakati wa kusugua, hesabu hiyo huongezeka mara mbili au tatu, na hapo ndipo watu husema "maji hayatoshi kunawa".

Katika zile mara 12 za mama, sanitaiza isiwe mbadala hata mara moja, kwa sababu kila mara mkono umetoka kwenye kamasi mbichi, na mtoto wa umri huo huenda ana rinovirusi ambayo alkoholi haiiwezi vizuri. Chupa ya sabuni ya unga ikae karibu na mtungi, si jikoni.

Sasa tazama leso. Mama amejifunga leso, mtoto anamjia na kamasi, pembe ya leso inampangusa. Dakika tano baadaye mama ananawa vizuri kabisa, anatafuta taulo, haioni, anajikaushia pembe ile ile. Kazi yote imerudi mwanzo. Dawa yake ni kitambaa cha pamba kilichopinwa begani kwa ajili ya pua ya mtoto peke yake, kibadilishwe kikilowa, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani; na taulo ya kukaushia mikono ining'inie juu, mkono wa mtoto usikofika.

Baba kwenye tuktuk ana hali nyingine. Mikono yake ni mikavu, anapokea noti na sarafu, anashika usukani. Sanitaiza inamfaa hapo. Akipaka mara 10 kwa siku, mililita 3 kila mara, ni mililita 30, maana yake chupa ya mililita 100 inamaliza siku tatu. Asipake baada ya kila abiria. Apake kabla ya kula, kabla ya kujigusa uso, na kabla ya kuingia nyumbani kumbeba mtoto. Chupa asiiache kwenye dashibodi juani. Kifuniko kikilegea, alkoholi huruka ikabaki jeli tupu, na pia ni kitu cha kushika moto.

Wataendelea hivi mpaka lini? Mtoto mwenye mafua huambukiza sana siku tatu za mwanzo, ila anaweza kutoa virusi hata wiki mbili. Wiki moja ya kubana ni kiasi kinachowezekana, kisha warudi kwenye kunawa kwa kawaida.

Makosa yanayorudiwa

Kutengeneza sanitaiza kwa pombe ya kunywa. Jini na vodka nyingi zina asilimia 40 hivi, hazifiki. Spiriti ya rangi, ile ya kuwashia taa na stovu, huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, nayo hupenya hata kwenye ngozi.

Kudhani asilimia 99 ni bora kuliko 75. Alkoholi tupu hukauka haraka mno, na inahitaji maji kidogo ili iharibu protini za virusi. Shirika la Afya Duniani katika mchanganyiko wake liliweka etanoli asilimia 80, si 99.

Kunawa kwa sabuni kisha kupaka sanitaiza papo hapo juu ya mkono uliolowa. Unaizimua dawa na unakausha ngozi bure. Chagua moja.

Kuongeza maji kwenye chupa ili "ifike mwisho wa mwezi". Chupa ya asilimia 70 iliyoongezwa nusu yake maji imeshuka mpaka 47 hivi. Bado inanukia, bado inaleta baridi mkononi, na haifanyi kazi. Ndiyo maana harufu na ubaridi si kipimo, hasa kwa chupa za mlangoni mwa maduka.

Kuosha mikono kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo. Inachubua ngozi. Iache iwe ya sakafu na choo.

Mambo yasipokwenda sawa

*Povu haliji.* Maji ni magumu. Badili uende kwenye sabuni ya maji au ya unga, au lowanisha na kupaka sabuni kwa kikombe cha maji matamu kisha usuuze kwa ya kisima.

*Mtungi unaendelea kudondoka baada ya kukaza kifuniko.* Hewa inaingia mahali. Weka kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ndani ya kifuniko. Kama dumu ni laini na linabonyea, tundu ni kubwa mno kwake. Tafuta dumu gumu.

*Mikono imekauka na kupasuka.* Ngozi iliyopasuka hukufanya uache kunawa, kwa hiyo itibu mapema. Suuza sabuni yote, hasa kati ya vidole, kisha paka mafuta ya nazi au vaselini usiku. Usipake mafuta kabla ya sanitaiza. Sanitaiza yenye gliserini hukausha kidogo kuliko sabuni kali ya unga, kwa hiyo mwenye mikono mikavu isiyo na kamasi ahamie huko kwa mara chache.

*Sanitaiza inachoma.* Kuna michubuko. Nawa kwa sabuni laini mpaka ipone.

*Mikono inanata baada ya kupaka mara nyingi.* Ni gliserini iliyojilimbika. Nawa kwa sabuni, anza upya.

*Mtoto amelamba sanitaiza.* Kulamba mkono uliokwisha kukauka si hatari. Akinywa kutoka chupani, hata funda chache, mpeleke hospitali mara moja na chupa yenyewe, usimtapishe.

*Tunanawa vizuri, na bado nyumba nzima imeugua.* Inawezekana bila mtu kukosea. Homa ya mafua husafiri pia kwa hewa, kwa matone ya chafya na kikohozi, na mikono haizuii hilo. Kunawa mikono hupunguza maradhi ya njia ya hewa kwa takriban asilimia 16 hadi 21, si ukuta. Fungua madirisha, mgonjwa alale peke yake ikiwezekana, na anayemhudumia avae barakoa. Kisha chunguza mambo mawili kabla ya kulaumu sabuni: nani anashiriki taulo, na nani anafikicha macho kabla ya kunawa. Mkae chumbani nusu saa, kila mtu ahesabu mara ngapi mwenzake anajigusa uso.